Kichwa cha Habari Hakina Jana

Ijumaa ya tarehe 5 Mei 2017, mhariri wa michezo mahali popote Afrika Mashariki angeweza kuandika: "Kipchoge kukimbia marathoni chini ya saa mbili." Kesho yake alfajiri, kwenye uwanja wa mbio za magari wa Monza nchini Italia, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 2, sekunde 25. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia umbali huo kwa kasi ile, lakini chini ya saa mbili haikuwa. Kichwa kile kingekuwa kimesema jambo ambalo halikutokea.

Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Oktoba 2019, Kipchoge alirudia jaribio hilo Vienna, Austria, akatumia saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Sasa mhariri yule yule angeandika: "Kipchoge akimbia marathoni chini ya saa mbili." Hapa hana wasiwasi wowote. Tofauti ya vichwa hivi viwili ni silabi moja mwanzoni mwa kitenzi, *ku-* dhidi ya *a-*. Silabi hiyo ndiyo inayomweleza msomaji kama jambo limekwisha kutokea au linangojwa, na nitaifuatilia katika sura hii kwa mazoezi ambayo wanafunzi wa uandishi huyahitaji zaidi ya maelezo.

Vichwa vyote vya habari vilivyomo humu nimevitunga mwenyewe kwa ajili ya mazoezi. Matukio ya Kipchoge ni ya kweli.

Tuanze na *a-*. Vitabu vya sarufi vya shule huiita hali isiyodhihirika, kwa kuwa haidhihirishi tendo limefanyika lini. Mtu wa pwani bado anaitumia katika mazungumzo ya kawaida: "Watoka wapi?", "Wasemaje?" Bara, nafasi yake imechukuliwa karibu yote na *-na-*, na imebaki katika mashairi, katika maneno ya adabu kama "naomba", na kwenye magazeti. Gazetini imepata kazi yake maalumu kwa sababu mbili. Kwanza ni fupi. *Imepitisha* ina silabi tano, *yapitisha* ina nne, na katika kichwa cha maneno matano kilichobanwa kwenye safu mbili, silabi moja inaweza kuamua kama neno la mwisho litaingia au litaachwa. Pili haimfungi msomaji kwenye saa yoyote. Ukiandika "Bunge linapitisha bajeti", umesema wabunge wako ukumbini muda huu. Ukiandika "Bunge lilipitisha bajeti", msomaji atauliza lini, na habari itanuka uchakavu. "Bunge lapitisha bajeti" inaliweka tendo mbele ya macho bila kulipa tarehe. Tarehe itakuja ndani ya habari.

Ndiyo maana neno "jana" halikai vizuri ndani ya kichwa cha namna hii. "Bunge lapitisha bajeti jana" inakwaruza sikio la mzawa yeyote, hata asiyeweza kueleza kwa nini. "Kesho" na "Jumamosi", kwa upande wao, hukaa bila tabu pamoja na *ku-*: "Bunge kupitisha bajeti Jumanne." Kichwa kinachotazama nyuma hutupa kalenda, na kinachotazama mbele huikumbatia, kwa sababu *ku-* peke yake haina mtendaji wala wakati, na bila siku msomaji hana pa kushika.

Zoezi la kwanza ninalolipenda ni kukunjua. Mwanafunzi anapewa kichwa na kuambiwa aandike aya ya kwanza ya habari yake. Chukua "Basi lapinduka, watano wafariki." Aya ya kwanza katika magazeti yetu huanza na *-me-*: "Watu watano wamefariki dunia baada ya basi walilokuwa wakisafiria kupinduka." Aya ya pili, inayotaja siku na saa, huingia kwenye *-li-*: "Ajali hiyo ilitokea jana saa tisa alasiri." Aya inayosema polisi watafanya nini inakwenda kwenye *-ta-*. Tukio ni moja, lakini kitenzi kimebadilika kadiri msomaji anavyoshuka: kichwa kinatangaza, aya ya kwanza inaeleza hali iliyopo sasa baada ya ajali, aya ya pili inarudi kwenye saa yenyewe. Mwanafunzi anayeanza aya ya kwanza na "Watu watano wafariki dunia" amebeba lugha ya kichwa akaiingiza mahali pasipo pake. Kosa hilo hutambulika mara moja ukiisoma aya kwa sauti, maana hakuna mtu anayesimulia ajali hivyo.

Kukunjua kunafundisha jambo jingine, nalo ni upatanisho. Hali ya *a-* humeza kiambishi cha ngeli: *li* na *a* huwa *la*, *ki* na *a* huwa *cha*, *vi* na *a* huwa *vya*, *i* na *a* huwa *ya*, *zi* na *a* huwa *za*, *u* na *a* huwa *wa*. Kwa hiyo "Kimbunga chabomoa nyumba", "Vyuo vyafungwa", "Bei yapanda", "Nyumba zateketea", "Mto wafurika". Herufi moja ikikosewa, habari inageuka. "Simba aua" ni habari ya mnyama aliyevamia boma la mfugaji. "Simba yaua" ni habari ya klabu ya Kariakoo iliyomfunga mpinzani mabao mengi, na iko kurasa za nyuma. Kadhalika "Polisi aua" ni askari mmoja, "Polisi waua" ni wengi, na "Polisi auawa" ni msiba wa askari mwenyewe. Mhariri wa zamu ya usiku lazima atazame kiambishi kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna mtego wa ndani zaidi, na kwa huo nina zoezi la kukata. Kwa kuwa *a-* ya kichwa inagusana moja kwa moja na mzizi wa kitenzi, mizizi inayoanza na *na*, *ta*, *me* au *li* inaweza kumdanganya msomaji aone wakati usiokuwepo. Mwanafunzi apewe maneno haya na kuulizwa kisu kipite wapi: *anaswa*, *atangaza*, *ameza*, *alilia*.

"Mfungwa aliyetoroka anaswa." Jicho la haraka linaona *ana-*, kama "anasoma". Lakini kitenzi ni *naswa*, na kisu kinapita baada ya *a* ya kwanza. "Waziri atangaza" inaonekana kama wakati ujao kwa nukta moja tu, kisha *tangaza* inajitokeza. "Mtoto ameza sarafu" inaonyesha *ame-*, lakini kilichopo ni *meza*. Haya matatu yanajirekebisha yenyewe, kwa sababu ukikata vibaya kinachobaki si kitenzi cha Kiswahili.

*Alilia* haijirekebishi. "Mbunge alilia barabara" ukikata baada ya *a*, kitenzi ni *lilia*, yaani mbunge anaomba barabara kwa uchungu. Lakini "Mbunge alilia bungeni" ukikata baada ya *ali*, kitenzi ni *lia*, mtu mzima alitokwa na machozi mbele ya spika. Herufi ni zile zile na mkazo uko mahali pale pale, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kinachoamua ni neno linalofuata: kitu kinachoombwa, au mahali. Ukikosa nafasi ya neno hilo, badilisha kitenzi. "Mbunge aomba barabara" haina moto wa *alilia*, lakini haimlizi mheshimiwa ambaye hakulia.

Sasa *ku-*, ambako mambo ni mazito zaidi.

Kichwa chenye *ku-* kinaweza kubeba vitu vinne visivyofanana hata kidogo. "Yanga kucheza Jumamosi" ni ratiba: siku imepangwa, waamuzi wamepangwa. "Barabara kufungwa kwa siku mbili" ni uamuzi wa mwenye mamlaka. "Serikali kuajiri walimu" mara nyingi ni ahadi iliyotolewa jukwaani. "Bei ya mahindi kupanda" ni utabiri wa mtu aliyeangalia mvua na maghala. Sarufi haitofautishi. Msomaji anayenunua gazeti kituoni anaona *ku-* ile ile, na kichwani mwake zote nne zinaingia zikiwa na uzito wa ratiba.

Zoezi la kukunjua linafichua hili papo hapo, kwa kuwa kila moja inakunjuka na kitenzi chake. Ya kwanza ni "itacheza". Ya pili ni "mamlaka imeagiza barabara ifungwe". Ya tatu ni "waziri ameahidi kwamba serikali itaajiri". Ya nne ni "wafanyabiashara wanatarajia bei itapanda". Mwanafunzi akishindwa kukunjua kwa sababu hajui ni nani aliyesema, tatizo haliko kwake. Habari yenyewe haina chanzo, na kichwa kilikuwa kinalificha pengo hilo. Hali huwa mbaya zaidi *ku-* inapokutana na kauli ya kutendwa: "Wachuuzi kuondolewa barabarani." Atakayewaondoa hayumo, na aliyesema wataondolewa hayumo. Wachuuzi wenyewe wakisoma hawajui kama wafungashe bidhaa leo usiku au wangoje waitwe kikaoni.

Dawa iko ndani ya sarufi hiyo hiyo. Tazama kilichokwisha kutokea. Walimu hawajaajiriwa, lakini waziri amekwisha kusema. Kusema kwake ni tukio lililopita, kwa hiyo lina haki ya kupata *a-*: "Waziri aahidi kuajiri walimu." Utabiri nao umekwisha kutolewa: "Wafanyabiashara watabiri bei ya mahindi kupanda." Agizo limekwisha kutoka: "Jiji laagiza wachuuzi waondoke." Kitenzi kilichotokea kinakaa mbele na kubeba jina la mwenye kauli, na kisichotokea kinafuata nyuma yake. Ndiyo, kichwa kinarefuka. Nafikiri neno hilo la ziada linastahili nafasi yake kuliko neno lolote jingine kwenye ukurasa, na nikilazimika kupunguza, nitapunguza cheo cha mtu au jina la mji.

Turudi Monza kwa macho haya. Tarehe 5 Mei 2017 kilichokuwa na hakika ni jaribio, si muda. Kichwa kilichofaa ni "Kipchoge kujaribu marathoni chini ya saa mbili kesho." *Kujaribu* ni ratiba, kwani uwanja ulikuwa umeandaliwa na wakimbiaji wenzake wa kumsaidia walikuwa wamefika. *Kukimbia chini ya saa mbili* ilikuwa matarajio. Siku iliyofuata kichwa kinakuwa "Kipchoge akosa saa mbili kwa sekunde 25", na msomaji wa jana hana sababu ya kujiona amedanganywa.

Vienna nayo ina mtego wake, na safari hii uko upande wa *a-*. Baada ya mbio zile mkono ungewasha kuandika "Kipchoge avunja rekodi ya dunia." Hakuivunja. Wakimbiaji wa kumwongoza walipokezana kwa makundi, na mbio hazikuwa mashindano ya wazi, kwa hiyo muda ule haukuingizwa kwenye orodha ya rekodi. Rekodi rasmi ya dunia siku ile ilibaki ile aliyoiweka yeye mwenyewe Berlin mwaka 2018, saa 2, dakika 1 na sekunde 39. *A-* haina namna ya kusema "lakini". Inatangaza tendo kama lilivyo, kwa hiyo kitenzi kinachoungana nayo lazima kiwe kile hasa kilichotendeka. Alikimbia, na alimaliza chini ya saa mbili. "Kipchoge amaliza marathoni chini ya saa mbili" ni kweli tupu, na haihitaji chumvi.

Ukanushi ni mahali pengine ambapo mwanafunzi hukwama. Hali ya *a-* ikikanushwa inaangukia kwenye umbo la kawaida: "Serikali haiajiri walimu." Hilo linasikika kama desturi ya siku zote, si habari ya wiki hii. Ukitaka kusema kwamba jambo fulani halikufanyika, umbo sahihi ni "haikuajiri", ambalo linarudisha wakati uliopita ndani ya kichwa. Wahariri hukwepa kwa kutafuta kitenzi chenye ukanushi ndani yake: *yakosa*, *yashindwa*, *yakataa*, *yagoma*, *akwepa*. Ni njia nzuri, ila vitenzi hivi havina uzito sawa. *Kosa* na *shindwa* havimlaumu mtu. *Kataa*, *goma* na *kwepa* vinampa mtu nia. Mwandishi amepiga simu ya waziri mara moja, haikupokelewa, kisha kichwa kinasoma "Waziri akwepa kujibu." Huo ni uzushi uliotengenezwa na ugumu wa kukanusha *a-*. Kama ushahidi ni simu isiyopokelewa, andika "hakupatikana" na uiweke ndani ya habari. Kwa upande wa *ku-* mambo ni mepesi: ukanushi ni *kuto-*, kama "Nauli kutopanda hadi Januari", na hauna sumu hiyo.

Nimeacha picha mwisho kwa sababu maelezo ya picha yana kitenzi chake kabisa. Chini ya picha hatuandiki *azindua* wala *kuzindua*. Tunaandika *-ki-*: "Mkuu wa Wilaya (kulia) akimkabidhi mwanafunzi kitabu." *-ki-* inaonyesha tendo likiendelea ndani ya fremu, na hairuhusu sentensi ijitosheleze. Inaegemea picha kama kitenzi kikuu. Ndiyo maana "jana" inaweza kukaa hapa bila kukwaruza: "akimkabidhi mwanafunzi kitabu, jana." Tendo liko machoni, tarehe inaeleza picha ilipigwa lini.

Zoezi lake linahitaji picha na swali moja: unaona nini hasa? Mwanafunzi anapewa picha ya basi lililolala ubavu kando ya barabara, watu wamelizunguka. Wengi huandika "Basi likipinduka". Kama ni hivyo, mpigapicha angekuwa amesimama pale gurudumu linapoacha lami. Anachoonyesha ni hali baada ya tendo, na Kiswahili kina umbo lake: "Basi likiwa limepinduka." *-ki-* inabeba kinachoonekana sasa, *-me-* inabeba kilichokwisha. Nyumba yenye ndimi za moto dirishani "ikiteketea". Nyumba yenye mabati meusi na moshi mwembamba "ikiwa imeteketea". Mwanariadha ambaye kifua chake kimegusa utepe "akikata utepe". Yule aliyeinuliwa juu na wenzake dakika mbili baadaye "akiwa amebebwa na wenzake baada ya kumaliza mbio".

Zoezi la mwisho linakwenda kinyume, kukunja badala ya kukunjua, na ndilo gumu kuliko yote kwa sababu mwanafunzi lazima achague atupe nini. Nampa aya hii: "Mkurugenzi wa hospitali ya wilaya amesema jengo jipya la wazazi, ambalo ujenzi wake ulikamilika mwezi uliopita, litaanza kupokea wagonjwa mwezi ujao iwapo vifaa vitawasili kwa wakati." Ndani yake mna jambo lililokwisha, yaani ujenzi, mna lijalo lenye sharti, na mna aliyesema. "Jengo la wazazi kuanza kazi mwezi ujao" ndicho kichwa kinachokuja kwanza, na ndicho ninachokikataa, kwa kuwa sharti limeanguka njiani na mama mjamzito atafunga safari kwa ajili yake. "Jengo la wazazi lakamilika, vifaa vyasubiriwa" kina *a-* mara mbili na *ku-* hakuna, ingawa aya yenyewe inatazama mbele. Ujenzi umeisha, vifaa havijafika, na kila kitenzi kinasimama juu ya jambo ambalo mwandishi angeweza kwenda kulitazama kwa macho yake siku hiyo hiyo.